Dawa ya kitunguu saumu na pilipili kwa wadudu mafuta wa sukuma wiki: vipimo, upulizaji na pale inapogoma

Waulize wakulima watano kipimo cha dawa ya kitunguu saumu na pilipili, watakupa vipimo vitano. Mmoja atasema vichwa viwili kwa ndoo, mwingine nusu kilo kwa bomba, wa tatu atakuambia ichemshe, wa nne atakuambia ukiichemsha umeiharibu. Wote wanaweza kuwa wakweli, maana kila mmoja alikuwa anapambana na mdudu wake. Dawa inayomtoa mdudu mafuta kwenye sukuma haimsumbui hata kidogo kantangaze aliyejichimbia ndani ya jani la nyanya.

Kwa hiyo hapa nachukua mdudu mmoja na mboga moja: wadudu mafuta wa sukuma wiki, wale ambao vitabu huwaita vidukari. Ndiye mdudu ambaye dawa hii inamfaa, na ndiye anayeonyesha vizuri kwa nini wengi huongeza pilipili kila wiki bila kuona badiliko.

Mdudu mwenyewe

Geuza jani changa la sukuma wakati wa kiangazi. Ukiona kundi la wadudu wadogo wa rangi ya kijivu na kijani, wamebanana kama waliomwagiwa unga, ndio hao. Ule unga ni nta wanayoitoa mwilini, na unateleza ukiugusa kwa kidole. Hukaa upande wa chini wa jani na kwenye moyo wa mmea, pale majani machanga yanapojikunja, wakiwa wamechomeka mirija yao wanafyonza utomvu. Jani hupauka, hujikunja, na mmea hudumaa.

Mambo mawili kuhusu mdudu huyu ndiyo yanayoamua kila kitu katika dawa yako. La kwanza, jike huzaa bila dume, tena huzaa watoto hai wanaoanza kufyonza siku hiyohiyo. Kukiwa na joto, mtoto huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Ukiwaua tisa ukamwacha mmoja kwenye moyo wa sukuma, baada ya wiki mbili utakuta kundi jingine. La pili ni ile nta. Maji hayashikani na nta, na jani la sukuma lenyewe nalo lina nta. Dondosha tone la maji juu ya jani uone: litajiviringisha duara, litabingirika hadi ukingoni na kuanguka, na pale lilipopita pabaki pakavu. Maji ya kitunguu na pilipili yasiyo na sabuni hufanya hivyohivyo, hata yakiwa makali ya kukutoa machozi.

Nani anaua, nani anafukuza

Nitasema wazi ninavyoona: katika mchanganyiko huu sabuni ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kuua. Sabuni huvunja ile nta, huufanya unyevu usambae mwilini mwa mdudu, na mdudu laini kama huyu hukauka na kufa. Inafanya hivyo ikiwa bado mbichi tu. Ikishakauka kwenye jani haimdhuru tena mdudu atakayekuja kutua.

Kitunguu saumu kina kazi nyingine. Punje ikiwa nzima haina ile harufu kali. Ukiiponda, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana ndani yake hukutana na kutengeneza alisini, na hiyo ndiyo harufu unayoijua. Alisini huwasumbua wadudu na kuwafukuza, lakini haidumu. Joto kali huzuia isitengenezwe, na hata ikishatengenezwa huanza kuharibika ndani ya saa na siku chache. Ndiyo maana kitunguu hakichemshwi, na ndiyo maana dawa iliyokaa wiki mbili kwenye chupa inanuka tu lakini haina kitu.

Pilipili iko kinyume chake. Ukali wake unatokana na kapsaisini, ambayo inastahimili moto vizuri lakini haiyeyuki kwenye maji. Inayeyuka kwenye mafuta. Aliyekula pilipili kichaa kisha akanywa maji anajua kwamba maji hayasaidii. Ukali mwingi uko kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu, kwa hiyo ponda pilipili nzima bila kutoa kitu. Hapa kazi yake ni kumkera mdudu asitulie kufyonza, na kumfanya anayetafuta pa kutua asipapende.

Ukishajua hayo, utaratibu wa kutengeneza unajipanga wenyewe: pilipili inatangulia na inakaa usiku kucha kwenye mafuta, kitunguu kinapondwa siku ya kupuliza, na sabuni inaingia mwisho.

Vipimo

Pima kwa lita ya maji yatakayofika kwenye jani. Vipimo vya "chota dawa changanya na maji" ndivyo vinavyowachanganya watu, kwa sababu sabuni nayo huishia kuzimuliwa mpaka haina nguvu.

Kwa kuanzia, tumia gramu 10 za kitunguu saumu na gramu 10 za pilipili kichaa mbichi kwa kila lita. Sabuni ya maji iwe mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na mafuta ya kula mililita 2. Ukitaka lita 5, ambazo zinatosha bustani ya nyuma ya nyumba, hesabu inakuwa hivi:

- kitunguu saumu gramu 50, yaani kichwa kimoja kikubwa
- pilipili kichaa gramu 50, konzi moja iliyojaa
- mafuta ya kula vijiko 2 vya chai
- sabuni ya maji vijiko 5 vya chai
- maji lita 5

Kama una bomba la mgongoni la lita 16, weka gramu 160 za kitunguu, gramu 160 za pilipili, vijiko 6 vya mafuta na vijiko 16 vya sabuni, vyote vya chai.

Ikibidi kuongeza nguvu, ongeza kitunguu na pilipili mara mbili, yaani gramu 20 na 20 kwa lita, na ishia hapo. Sabuni iache ilivyo. Ukiona nta bado inakataa unyevu unaweza kuipandisha taratibu, lakini usivuke mililita 10 kwa lita. Mafuta usiyaongeze kabisa. Sabuni na mafuta vikizidi ndivyo huunguza majani, na juu ya kipimo hicho cha pilipili sijaona faida zaidi ya gharama na kikohozi cha mpulizaji.

Pilipili hazilingani ukali. Zilizokomaa kwenye jua kali na maji machache huwa kali kuliko zilizonyweshwa sana, na pilipili mbuzi si sawa na ile ndefu ya kawaida ya sokoni. Ukitumia hiyo ndefu, weka mara mbili ya kipimo cha kichaa. Ukiwa na pilipili kavu ya unga, theluthi moja ya uzito inatosha, lakini chuja kwa makini maana unga huziba bomba.

Kuhusu sabuni, nyingi za maji za kuoshea vyombo zinafaa, ilimradi haina dawa ya kuondoa madoa. Sabuni ya mche nayo ni nzuri: kwa lita 5 kwangua kipande chenye ukubwa wa kiberiti, kama gramu 25, kiyeyushe kwenye maji ya moto kikombe kimoja, kisha acha yapoe. Sabuni ya unga ya kufulia achana nayo, ina magadi na viongezo vinavyounguza majani.

Maji nayo yanaangaliwa. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu ndani yake. Chukua chupa inayoonekana ndani, tia maji hayo na matone machache ya sabuni, tikisa. Povu likikaa juu, maji yanafaa. Yakitoa utando mweupe kama mtindi uliokatika na povu likapotea, sabuni imenaswa na chumvi za kwenye maji na haitaua kitu. Tafuta maji ya mvua au ya bomba.

Kutengeneza

Jioni ya kwanza, ponda pilipili kwenye kinu mpaka iwe rojo, changanya na vile vijiko 2 vya mafuta na maji ya moto nusu lita, funika uache hadi kesho. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi kama huna. Pondea nje, upepo ukitokea mgongoni kwako, na mwambie mtoto akacheze mbali. Mikono ikiingia ukali, maji peke yake hayatautoa: jipake mafuta ya kula, yafute kwa karatasi au kitambaa, ndipo unawe kwa sabuni. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, na usilifikiche.

Siku ya pili, kama saa 9 alasiri, ponda kitunguu saumu. Maganda yale makavu ya nje hayana madhara, yatabaki kwenye chujio. Kikishapondeka kiache kikae robo saa bila maji, ili alisini ijitengeneze ya kutosha. Kisha kimwagie nusu lita ya maji ya baridi, koroga, acha saa moja.

Sasa changanya vyote viwili na uchuje mara mbili: kwanza kwa chujio la chai, halafu kwa kipande cha kanga kilichokunjwa, ukikamua vizuri. Hatua hii watu huiruka, na matokeo yake ni nozeli kuziba katikati ya kazi na mtu kuanza kuipuliza kwa mdomo akiwa na pilipili midomoni. Ongeza maji yaliyobaki kufikia lita 5, mwisho tia sabuni na ukoroge polepole bila kufanya povu jingi. Maji yatageuka kuwa na ukungu mweupe. Ukiona mafuta yanaelea juu kama madoa, sabuni ni kidogo au maji ni ya chumvi, na mafuta hayo yatafika kwenye majani machache tu na kuyaunguza.

Itumie siku hiyohiyo. Rojo la pilipili kwenye mafuta ambalo bado hujalichanganya linaweza kukaa mahali pa baridi kwa wiki kadhaa, ila kitunguu na sabuni viwekwe upya kila mara. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Jaribu kwanza mashina matatu

Puliza mashina matatu tu, moja changa na mawili makubwa, kisha subiri hadi kesho kutwa. Jani lililoungua huonyesha kingo za kahawia au vidoa vilivyokauka pale matone yalipokusanyika. Ukiviona, osha mashina hayo kwa maji na punguza sabuni na mafuta kwa nusu. Sukuma iliyokomaa ni mvumilivu. Miche iliyohamishwa juzi, matango, maboga na maharage machanga si wavumilivu hivyo.

Katika jaribio hilo, kama una hamu ya kujua nini kinafanya kazi, chukua mashina mengine matatu uyapulize maji na sabuni peke yake kwa kipimo kilekile. Kesho yake linganisha. Mara nyingi utakuta idadi ya waliokufa inakaribiana sana, na tofauti huonekana siku chache baadaye, pale wadudu wapya wanapochelewa kutua kwenye mashina yenye kitunguu na pilipili. Jaribio hilo ndilo litakalokuondolea hamu ya kumwaga kilo ya pilipili kwenye bomba.

Kupuliza

Anza saa 11 jioni. Jua kali hukausha dawa kabla haijamlowanisha mdudu, na tone lililobaki juu ya jani la moto huunguza. Jioni pia nyuki wamepungua, na hilo ni muhimu kama jirani kuna maua, kwa sababu sabuni haichagui mdudu. Kukiwa na wingu la mvua ahirisha. Mvua ikinyesha usiku huohuo, waliokufa wamekufa, lakini kile cha kufukuza kimeshaondoka.

Nozeli ielekee juu. Ingiza mkono wa bomba chini ya majani, anzia chini ya shina ukipanda juu, huku mkono mwingine ukigeuza majani. Halafu fungua moyo wa mmea kwa vidole viwili na puliza ndani mpaka uone maji yanatuama kidogo. Shina moja kubwa linakula mililita 60 hadi 80 kwa mtindo huu. Ukiona lita 5 zimetosha mashina mia mbili, jua umepuliza migongo ya majani tu na wadudu wako chini wanaendelea na chakula cha jioni.

Alama ya kwamba umepuliza vizuri unaiona papo hapo: kundi lililokuwa la kijivu na unga linageuka kijani kilichokoza, linang'aa kama limelowa. Nta imefunguka. Likibaki la kijivu na matone yamekaa juu yake duara, dawa haijamgusa mdudu. Ongeza sabuni kidogo ndani ya kiwango tulichotaja, koroga, rudia palepale.

Kesho yake asubuhi

Usihukumu kwa macho ya mbali, maana wadudu mafuta waliokufa hubaki wamenata kwenye jani kwa siku kadhaa. Chukua kijiti chembamba uwaguse. Aliye hai anachezesha miguu au anajaribu kuchomoa mrija atembee. Aliyekufa amekunjamana, rangi imekuwa kahawia, na anabanduka kwa urahisi. Utaona pia vitu vyeupe vyepesi kama ngozi: hayo ni maganda waliyojivua wakikua, hayana uhusiano na dawa yako.

Halafu tafuta wale waliovimba wakawa duara, wagumu, rangi kama shaba. Hao wameliwa kwa ndani na mtoto wa nyigu mdogo sana, ambaye hutaga yai ndani ya mdudu mafuta. Ukikuta ganda la namna hiyo lenye tundu la duara, nyigu ameshatoka na yuko kazini. Kama karibu nusu ya wadudu kwenye majani yako wako hivyo, acha kupuliza wiki hiyo. Nyigu hao wataendelea bila wewe, na ukipuliza utawaua waliokwisha toka pamoja na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi na watoto wao, ambao nao hula wadudu mafuta kutwa nzima. Watoto wao, wale weusi warefu wenye madoa ya rangi ya chungwa, wakulima wengi huwaua wakidhani ni viwavi.

Bustani ya mashina 60, kiangazi cha Januari

Tuseme una mashina 60 ya sukuma pembezoni mwa Arusha, mwezi Januari, mvua za vuli zimekwisha na masika bado. Hiyo ndiyo saa ya mdudu huyu, kwa sababu hakuna mvua kubwa ya kumwangusha. Chagua mashina 10 bila kupendelea, yaani kila la sita ukipita mstari, na kagua moyo pamoja na majani mawili ya katikati kwa kila moja.

Ukikuta kundi kwenye shina moja tu kati ya 10, weka bomba chini. Waponde kwa kidole gumba, mwagia moyo maji kwa nguvu, kata jani lililojaa ukalizike. Ukikuta manne kati ya 10, na makundi bado madogo kama ukucha, hapo ndipo dawa hii inalipa. Vuna kwanza majani yote yaliyo tayari kuliwa, maana kila jani unalotoa ni pahali pa kujificha palipopungua, tena wenye nyumba wanapata mboga isiyo na harufu ya pilipili. Toa pia majani ya chini yaliyopauka. Kisha puliza lita 5 kwa kipimo cha kwanza.

Siku ya pili hesabu tena mashina yaleyale 10. Usishangae ukikuta wanane kati ya kumi wamekufa kwenye majani na moyo bado una wazima. Siku ya 5 puliza tena, kabla watoto waliosalia hawajaanza kuzaa, safari hii nusu ya muda wako ukiumalizia kwenye mioyo. Siku ya 10 puliza mara ya tatu, na hapa mara nyingi lita 3 zinatosha kwa sababu unapuliza mashina yenye wadudu tu. Baada ya hapo kagua mara moja kwa wiki. Ukitaka kuchuma, acha siku 2 au 3 baada ya kupuliza na uoshe mboga vizuri, vinginevyo mlaji ataijua dawa yako kwa ulimi.

Kama siku ya kwanza ulikuta manane kati ya 10, na mioyo imejikunja imefunga, usipoteze kitunguu. Majani yaliyojikunja ni mwavuli juu ya wadudu, na hakuna nozeli itakayowafikia. Kata vichwa hivyo chini kidogo ya moyo, vitie kwenye mfuko na uvizike au uviache juani mfuko ukiwa umefungwa. Sukuma itachipua pembeni, na machipukizi hayo, yakiwa bado wazi, ndiyo ya kupuliza. Mashina yaliyodumaa kabisa yang'oe.

Pale inapogoma

Sababu ya kwanza ya kugoma ni dawa kutomfikia mdudu, na hiyo tumeshaisema. Sababu ya pili ni kwamba aliyeko si mdudu mafuta. Mdudu anayeishi ndani ya mmea hapatikani kwa dawa ya kugusa: kantangaze ndani ya jani na tunda la nyanya, kiwavi aliyeshajifungia ndani ya kabichi, funza aliye ndani ya shina la mahindi. Sota wanaokata miche usiku wako ardhini mchana, na maji unayopuliza kwenye majani hayawahusu. Viwavi wakubwa wana ngozi inayostahimili sabuni. Pilipili inaweza kuwafanya wale kidogo kwa siku moja mbili, kisha wanarudi, kwa hiyo kuwaokota kwa mkono ni haraka zaidi. Mayai ya nondo na mabuu yaliyolala hayaguswi kabisa.

Inzi weupe na utitiri ni wa katikati. Watoto wa inzi weupe wamenata chini ya jani na sabuni inawapata, lakini wakubwa wanaruka ukigusa mmea na kurudi ukiondoka. Hapo panahitaji kupuliza alfajiri wakiwa wazito kwa baridi, na kurudia kila siku 4 au 5 kwa wiki tatu. Wadudu mafuta weusi wa maharage nao wanakufa kwa kipimo hikihiki, ila ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mashina, shughulika na sisimizi pia, kwa kuwa wanawalinda wale wadudu ili wanywe maji matamu wanayotoa, na huwafukuza wanaokuja kuwala.

Magonjwa ni habari tofauti. Jani la sukuma lenye mabaka ya kijani na njano, mmea umedumaa, hata kama huoni mdudu, huenda lina batobato, na virusi vyake vililetwa na mdudu mafuta mwenye mabawa aliyeonja na kuondoka. Kumuua mdudu leo hakumponyi mmea ulioambukizwa. Ung'oe. Mnyauko, ukungu na kuoza kwa shina havina uhusiano na pilipili, na anayekuuzia chupa moja ya kitunguu saumu ya kutibu vyote hivyo anakuuzia maji yenye harufu.

Sababu ya tatu ni jirani. Wadudu mafuta wakisongamana huzaa wenye mabawa, nao husafiri na upepo. Kama mita ishirini kutoka kwako kuna kitalu cha kabichi kilichovunwa na mabua yake yamebaki yamechipua, hicho ndicho kiwanda. Utaua kila wiki na kila wiki watashuka wapya. Utaijua hali hii kwa kuangalia waliopo siku 5 baada ya kupuliza: ukikuta wenye mabawa mmoja mmoja, kila mmoja na watoto wachache pembeni yake, hao wametua juzi. Ukikuta makundi makubwa ya umri wote mahali palepale pa zamani, basi wewe ndiye hukuwafikia. La kwanza linatibiwa kwa kuongea na jirani ang'oe mabua, la pili kwa kugeuza nozeli.

Weka kikomo. Ukishapuliza mara tatu kwa kufuata siku zile, moyo umepulizwa, sabuni inatoa povu, na hesabu ya mashina 10 haijashuka hata kufikia nusu, acha. Mara ya nne na ya tano zitakula majani kuliko wadudu. Hapo chagua kati ya kung'oa na kupanda upya mahali pengine, au kumwona afisa ugani akuelekeze kiuatilifu kilichosajiliwa kwa mboga za majani. Tanzania usajili huo uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na namba ya usajili huandikwa kwenye kibandiko. Soma pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kwa sababu sukuma huchumwa kila wiki na baadhi ya dawa za dukani zinataka usubiri zaidi ya hapo. Usichanganye dawa hiyo na kitunguu na pilipili ndani ya bomba moja, na kabla ya kubadilisha suuza bomba kwa maji mara tatu, ukipuliza maji hayo kwenye ardhi tupu, mbali na kisima.